"We Kata Tu Katikati": Jinsi Video ya Wima Inavyobaki na Mizani na Viwiko Viwili

Kuna maagizo ambayo kila mhariri wa video hapa Mwanza ameyakariri: "We kata tu katikati, iwe wima, watu waone kwenye simu." Yanakuja pamoja na klipu ya mlalo iliyopigwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, au kwenye sendofu Nyakato, na mwenye klipu anaamini kazi yote ni ya dakika mbili. Sina ugomvi na haraka yake. Ugomvi wangu ni na hilo neno "katikati". Mpiga picha anayejua kazi, akishika kamera mlalo, mara nyingi hamweki mtu katikati. Anamweka pembeni, anamwachia nafasi upande anaotazama. Ukikata katikati unabakiza ile nafasi, mtu unamtupa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Fremu ya 1920 kwa 1080, ukitaka umbo la 9:16 na ubaki na kimo chote, unapata dirisha la upana wa pikseli 608. Hiyo ni chini kidogo ya theluthi moja ya picha. Theluthi mbili zinaondoka, upende usipende. Kwa hiyo swali kwa kila shoti ni moja tu: dirisha likae wapi?

Chukua klipu ya sekunde 12. Mama muuza dagaa yuko kushoto, kichwa chake kiko kwenye pikseli ya 430 ukihesabu kutoka ukingo wa kushoto. Mnunuzi yuko kulia, kwenye 1480. Kati yao kuna mizani yenye gunia juu yake, kwenye 960 barabara. Kata katikati: dirisha linaanzia 656 na kuishia 1264. Ndani yake kuna nini? Mizani, na viwiko viwili vinavyoingia na kutoka. Sauti inabishana bei, picha inaonyesha gunia. Na hapo ndipo mtu huilaumu kamera.

Wawili hao hawaingii pamoja. Kati ya kichwa na kichwa kuna pikseli 1050, na dirisha ni 608. Hakuna programu itakayobadilisha hilo. Kinachowezekana ni kuigawa klipu moja iwe kama imepigwa na kamera tatu. Kata klipu kwenye taimlaini pale msemaji anapobadilika, sauti usiiguse, kisha kila kipande kipe dirisha lake. Mama anatazama kulia, kwa hiyo dirisha lake lianze 200 na kuishia 808, ili aone nafasi mbele yake. Mnunuzi anatazama kushoto, lake liwe 1112 mpaka 1720. Mizani inabaki pale pale katikati, na inaingia sekunde ile mtu anapotaja uzito, mshale uonekane, basi. Sekunde moja na nusu inatosha.

Mbinu hii ina masharti, na ndiyo watu wanayakosea. Dirisha la mama na la mnunuzi hayagusani kabisa, ndiyo maana jicho linakubali kwamba ni kamera mbili. La mizani linaingiliana na kila moja kwa pikseli 152, yaani robo ya dirisha, na bado linapita. Lakini ukitoka kwenye dirisha moja kwenda jingine ambalo nusu yake ni picha ile ile, mtazamaji haoni mkato. Anaona picha imeruka, kama simu iliyogongwa. Mimi mpaka wangu ni theluthi moja ya mwingiliano. Sidai kuwa ni sheria. Kwenye picha yenye watu wengi na vurugu nyingi unaweza kuvuka, kwenye ukuta mweupe hata robo inaonekana.

Halafu usikate sawasawa na neno la kwanza la msemaji mpya. Mwache aanze kusikika, dirisha lihamie kwake fremu sita mpaka kumi baadaye, kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Masikio yanatangulia, macho yanafuata, kama mtu anavyogeuka akiitwa barazani. Ukikata pale pale neno linapoanza, video inakuwa kama mchezo wa mezani, ping pong, kushoto kulia kushoto.

Kwa nini nisihamishe dirisha taratibu kutoka kwa mama kwenda kwa mnunuzi? Kwa sababu safari hiyo inapita juu ya gunia, mtazamaji anakaa nusu sekunde au zaidi akitazama kitu ambacho hakuna anayekizungumzia, na mnunuzi ameshamaliza nusu ya sentensi yake. Dirisha litembee pale tu kinachoonekana kinapotembea. Watu wamekaa? Dirisha likae.

Sasa kitu kinachotembea kweli. Mtumbwi wa injini unapita ziwani kutoka kulia kwenda kushoto, kamera imesimama kwenye stendi. Mtumbwi wenyewe una urefu wa pikseli 900 kwenye picha, kwa hiyo hauingii mzima. Chagua. Wengi wanafuata sehemu ya mbele kwa sababu ndiyo inayotangulia, wanaishia na ubao na maji. Fuata mtu. Anayeongoza amekaa nyuma kwenye injini. Anatoka 1600 na kufika 500 kwa sekunde 8, mwendo ni ule ule mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo nakosa uvumilivu. Mtu anaweka alama ya mwendo, ile inayoiambia programu dirisha liwe wapi, kila nusu sekunde, alama 17 kwa klipu ya sekunde 8, kila moja ameipanga kwa macho. Kila alama ina kosa dogo la pikseli kumi au ishirini, na yote yanaungana kuwa dirisha linaloyumba kama limelewa. Tena kwenye maji inaonekana zaidi, maana mstari wa ufuo wa mbali unakushtaki. Weka alama mbili tu: mwanzo na mwisho. Cheza klipu. Mtu unayemfuata akitoka nje ya theluthi ya dirisha uliyompangia, ongeza alama ya tatu pale alipotoka zaidi. Nne ni nyingi. Tano, rudi uanze upya.

La pili, na hili hata wahariri wazuri wanalifanya: wanalainisha mwendo, dirisha lianze polepole na kumalizia polepole, kwa sababu waliambiwa kulainisha ni ustaarabu. Mtumbwi hauanzi polepole. Tayari unakwenda shoti inapoanza. Ukilainisha kwa mkunjo wa kawaida, kwenye sekunde ya 2 dirisha linakuwa limebaki nyuma kwa pikseli kama 103, na kwenye sekunde ya 6 limemtangulia kwa kiasi hicho hicho. Kwenye dirisha la 608 hiyo ni sehemu moja ya sita: jamaa anasogea mbele, anarudi nyuma, na hajaondoka kwenye injini yake. Kitu kinachokwenda kwa mwendo sawa kinataka mstari ulionyooka. Lainisha pale tu kitu chenyewe kinapoanza au kusimama ndani ya shoti.

Anayetumia `ffmpeg`, programu ya kuhariri kwa amri za maandishi, anaweza kuuandika mstari huo moja kwa moja:

```
ffmpeg -i mtumbwi.mp4 -t 8 -vf "scale=-2:1920,crop=1080:1920:'2126-244*t':0,setsar=1" wima.mp4
```

Nimekuza picha kwanza ndipo nikakata, na si kwa bahati. Kichujio cha `crop`, kwenye video za kawaida, kinaishusha nafasi ya dirisha hadi kwenye pikseli shufwa. Ukikata kabla ya kukuza, dirisha linapaswa kusogea pikseli 5.5 kila fremu, linasogea 4, kisha 6, kisha 6, na kukuza kunakofuata kunaufanya mtikisiko huo uwe mkubwa. Ukikuza kwanza, kosa ni lile lile la pikseli moja moja lakini halikuzwi tena. Nambari 2126 inamweka jamaa kwenye theluthi ya kulia ya dirisha, maji yakiwa mbele yake, na 244 ni mwendo wake kwa sekunde baada ya picha kukuzwa. Kwa picha zilizotulia, 2126 ingebaki peke yake bila `t`.

Programu zinazofuata uso zenyewe zipo: Premiere ina `Auto Reframe`, DaVinci Resolve ya kulipia ina `Smart Reframe`. Mtu mmoja akizungumza mbele ya ukuta, zitumie, zitakuokolea muda. Mwaloni pana nyuso arobaini kwa wakati mmoja, na programu haijui nani ana gunia. Itamfuata kijana anayechungulia kamera.

Kuhusu ubora niseme haraka. Klipu ya 1080 ikigeuzwa wima inakuzwa mara 1.78, na ukali wa picha unapungua, hasa kwenye nywele na kwenye dagaa wenyewe. Klipu ya 4K, 3840 kwa 2160, haikuzwi kabisa, inapunguzwa kidogo. Tena inakupa uhuru wa pikseli 240 kwenda juu na chini ukikata 1080 kwa 1920 moja kwa moja, na hizo unazihitaji kupandisha nyuso ziwe juu ya maandishi na vitufe ambavyo TikTok na wenzake wanavibandika chini na upande wa kulia. Kama unajua video itaishia kwenye simu, piga 4K.

Maandishi yaliyochomwa ndani ya video ni balaa lake. Jina na cheo vimekaa chini kushoto, dirisha liko kulia, na "Mwenyekiti wa BMU" anageuka kuwa "kiti wa BMU". Hakuna ufundi wa kuyahamisha. Omba klipu safi isiyo na maandishi, uandike upya ndani ya dirisha jipya.

Na kuna shoti zisizogeuka. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi. Ukilipiga kutoka ubavuni, kila dirisha la wima litaonyesha nguzo kadhaa na maji. Hapo tu ndipo ninapokubali dirisha kutembea ingawa kitu kimesimama, kwa sababu urefu ndio habari: kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, sekunde kumi, mstari ulionyooka. Jiwe la Bismarck ni kinyume chake, limesimama wima lenyewe, halina shida na mtu.

Ile njia ya kuiweka picha ya mlalo katikati na kujaza juu na chini kwa nakala yake yenye ukungu, siipendi. Inaipa picha yenyewe chini ya theluthi ya kioo cha simu, na nyuso zinakuwa kama punje. Lakini kwa kundi la kwaya la watu ishirini waliojipanga mstari mmoja, bado sijapata iliyo bora. Huwa naondoa ule ukungu, naweka rangi moja nyeusi, na jina la wimbo juu.