Mashine ya presha inasoma nini mkanda unapolegea?

Mashine nyingi za presha zinazoletwa karakana kwangu kwa madai kwamba "zinadanganya" huwa ni nzima. Naunganisha mpira wake na kipimo changu cha presha kwa kiungo cha njia tatu, najaza upepo, na namba za pande zote mbili zinalingana. Kihisi kinasoma upepo sawasawa. Lakini kusoma upepo wa mkanda ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo inayoharibiwa na maongezi na kutikisika.

Muuguzi mwenye stethoskopu husikiliza damu inavyopita chini ya mkanda. Mashine ya kujiendesha kwa kawaida haisikilizi chochote. Ndani yake mna pampu, vali na kihisi cha presha, basi. Mkanda ukishabana kupita presha ya juu, vali huachia upepo taratibu, na kila moyo unapopiga, mshipa wa mkono hutanuka kidogo na kuusukuma ule upepo. Kihisi huona mtikisiko mdogo sana, milimita moja hadi tatu za zebaki hivi, juu ya presha kubwa inayoshuka.

Mitikisiko hiyo huanza midogo, hukua, kisha hufifia. Hufikia kilele pale presha ya mkanda inapokaribiana na presha ya wastani ndani ya mshipa, kwa sababu hapo ukuta wa mshipa hausukumwi zaidi na upande wowote, na hutanuka kwa urahisi kuliko wakati mwingine. Kwa hiyo kitu ambacho mashine inakipata kwa uhakika zaidi ni wastani. Presha ya juu na ya chini inazikadiria kutokana na umbo la mitikisiko, kwa kanuni ambazo kila kiwanda kina zake na kwa kawaida hakizitangazi.

Tuchukue mfano wenye namba nilizozitunga, na kanuni rahisi: presha ya juu ni pale mtikisiko unapofikia nusu ya kilele wakati unakua, na ya chini ni pale unaposhuka hadi robo tatu ya kilele. Mkanda ukiwa 140, mtikisiko ni 0.9, kwenye 130 ni 1.3, 120 ni 1.7, 110 ni 2.1. Kilele ni 2.4 mkanda ukiwa 98. Kisha unashuka: 2.2 kwenye 90, 1.9 kwenye 85, 1.6 kwenye 80. Nusu ya kilele ni 1.2, nayo iko karibu na 132. Robo tatu ni 1.8, nayo iko karibu na 83. Mashine itaandika 132/83.

Sasa mgonjwa akunje ngumi mara moja tu, mkanda ukiwa pale kwenye 98. Msuli unavimba, unausukuma mkanda, na kihisi kinaandika 3.6 badala ya 2.4. Nusu ya kilele hiki cha uongo ni 1.8, inayopatikana karibu na 118. Robo tatu ni 2.7, karibu na 93. Jibu linakuwa 118/93. Presha ya juu imeshuka, ya chini imepanda, na moyo haujabadilika hata kidogo! Ndiyo maana siafiki usemi kwamba kutikisika hupandisha presha. Inategemea kumetokea wakati gani. Ngumi hiyohiyo mkanda ukiwa 150 ingeweza kuisukuma presha ya juu ipande.

Mashine nzuri hujilinda. Hulinganisha mapigo yanayofuatana, hutupa lile lisilofanana na wenzake, na yakizidi mabaya huonyesha alama ya kosa badala ya namba. Lakini kutikisika kidogo kwa mgonjwa kunakofanana na pigo la moyo hupenya.

Kuongea kuna ubaya wa aina nyingine, maana hapo presha yenyewe hupanda kweli. Presha ya juu kuongezeka milimita 10 hivi ni jambo la kawaida, na mashine inakuwa imesoma sahihi presha ya mtu anayeongea, ambayo daktari hakuihitaji. Tena kipimo huchukua nusu dakika au zaidi. Mashine inayopima mkanda ukilegea hupata presha ya juu mwanzoni na ya chini mwishoni, hivyo mgonjwa akijibu swali katikati, namba mbili za jibu moja zinatoka kwenye hali mbili tofauti.

Ukitaka kulitambua jibu la kutilia shaka, tazama pengo kati ya namba mbili. Katika mfano wetu lilikuwa 49, likawa 25. Pengo likibadilika ghafla hivyo kwa mtu yuleyule, mwache anyamaze, mkono ulegee juu ya meza, subiri dakika moja, upime tena. Pengo likiendelea kurukaruka ingawa ametulia kabisa, mshike mapigo kwa vidole. Moyo unaopiga bila mpangilio hutoa mitikisiko isiyolingana, na huyo apimwe na mtu mwenye stethoskopu, zaidi ya mara moja.