Gari moja, faida mbili: dhana potofu kuhusu uchakavu

Shemeji wawili wa hapa Mombasa walinunua matatu kwa ubia, ikawa yapiga ruti ya mjini na Mtwapa. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumwandikia vitabu. Mwaka wa nne ulipokwisha wakaketi na vitabu viwili mezani, na hapo ndipo nilipoitwa.

"Shemeji, biashara yapanda mwaka hadi mwaka," alisema mkubwa.

"Yapanda wapi? Kitabu changu chasema yashuka tangu mwaka wa kwanza."

Hakuna aliyemwibia mwenzake. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, na risiti za mafuta ni zile zile. Tofauti ilikuwa mstari mmoja tu kwenye vitabu, ule wa uchakavu. Nimezisawazisha kidogo tarakimu zao ili hesabu isomeke kwa urahisi, lakini kisa ni hicho.

Dhana: faida ikipanda kitabuni, biashara inakua

Gari liligharimu Sh 2,560,000. Walikadiria kulitumia miaka 4, kisha kuliuza kwa Sh 810,000. Sehemu itakayoliwa na barabara kwa miaka hiyo ni tofauti ya hizo mbili, yaani Sh 1,750,000. Hiyo ndiyo gharama ya kugawanywa, na kila njia ya uchakavu ina namna yake ya kuigawa.

Mwandishi wa shemeji mdogo alitumia njia ya mstari mnyoofu: Sh 1,750,000 kwa miaka 4, kila mwaka Sh 437,500. Mwandishi wa mkubwa alitumia salio linalopungua kwa kiwango cha asilimia 25. Mwaka wa kwanza alichukua asilimia 25 ya Sh 2,560,000, akapata Sh 640,000, thamani ya kitabuni ikabaki Sh 1,920,000. Mwaka wa pili alichukua asilimia 25 ya hilo salio, Sh 480,000. Ukafuata wa tatu, Sh 360,000, na wa nne, Sh 270,000. Jumlisha na utapata Sh 1,750,000 ile ile.

Sasa weka pato lililobaki baada ya mafuta, mishahara, bima na matengenezo, kabla ya kutoa uchakavu:

| Mwaka | Pato kabla ya uchakavu | Faida, mstari mnyoofu | Faida, salio linalopungua |
|---|---|---|---|
| 1 | 900,000 | 462,500 | 260,000 |
| 2 | 820,000 | 382,500 | 340,000 |
| 3 | 760,000 | 322,500 | 400,000 |
| 4 | 720,000 | 282,500 | 450,000 |

Pato lilikuwa likishuka kila mwaka. Gari lilianza kuomba springi, klachi, mara tairi, na siku za gereji zikaongezeka. Kitabu cha mkubwa kilionyesha faida ikipanda kwa sababu uchakavu ulipungua kwa kasi kuliko pato. Ukijumlisha miaka yote minne, vitabu vyote viwili vyasema Sh 1,450,000. Njia ya uchakavu haiongezi wala haipunguzi faida ya maisha yote ya gari. Huihamisha tu kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine.

Basi anayetaka kujua kama biashara inakua asianze na mstari wa mwisho. Atazame kwanza pato kabla ya uchakavu, kisha aulize njia iliyotumika.

Hapo mdogo akadhani ameshinda. Hakushinda. Matatu hufanya kazi nyingi ikiwa mpya na hupoteza thamani kubwa mwanzoni, na matengenezo huja baadaye. Salio linalopungua huweka gharama nzito kwenye miaka myepesi ya gereji, na nyepesi kwenye miaka mizito, ambayo ni hoja nzuri kwa gari. Kwa meza za ofisi au ukuta wa duka, ambavyo hutumika sawasawa mwaka hadi mwaka, ningechagua mstari mnyoofu bila kufikiri mara mbili. Kanuni za kimataifa za uhasibu zataka njia ifuate jinsi mali inavyotumika. Hamu ya mwenye mali kuona faida fulani haimo humo. Na ukibadilisha njia kwa sababu matumizi yamebadilika, mabadiliko hayo huanzia hapo kwenda mbele. Miaka iliyopita haiandikwi upya.

Dhana: kwenye salio linalopungua, toa kwanza thamani ya mwisho

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliosoma. Mtu hutoa Sh 810,000 kwanza, kisha huchukua asilimia 25 ya Sh 1,750,000. Mwaka wa kwanza hupata Sh 437,500, sawa kabisa na mstari mnyoofu, na hapo hupumua akidhani amepatia. Ile sadfa yenyewe ndiyo ishara ya kosa. Akiendelea hivyo, baada ya miaka 4 atakuwa ameandika uchakavu wa Sh 1,196,289 tu, na gari litasimama kitabuni kwa Sh 1,363,711. Nani atalinunua kwa bei hiyo?

Katika njia hii thamani ya mwisho haitolewi, kwa kuwa imo ndani ya kiwango chenyewe. Kiwango hupatikana hivi:

```
1 - (810000 / 2560000)^(1/4) = 0.25
```

Ukishakipata, kitumie kwenye thamani nzima ya kitabuni. Na usishangae kwamba salio halifiki sifuri kamwe: robo ya kitu huacha robo tatu siku zote. Kwa mali ambayo mwisho wake ni kutupwa, njia hii haifai.

Dhana: uchakavu ni pesa iliyowekwa kando

Shemeji mkubwa aliniuliza, "Hizo laki sita na arobaini za mwaka wa kwanza ziko wapi?" Haziko popote. Pesa ilitoka siku gari liliponunuliwa. Uchakavu ni kuitambua gharama hiyo kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza biashara ilizalisha Sh 900,000 kwa vitabu vyote viwili, na kama waligawana zote, basi waligawana pia kipande cha gari. Anayetaka akiba ya gari jipya aiweke mwenyewe benki.

Kodi nayo haitishiki na chaguo lako. Katika kukokotoa kodi ya mapato, uchakavu wa kitabuni hurudishwa kwenye faida, kisha hutolewa posho ya mtaji, yaani uchakavu unaoruhusiwa kikodi, kwa viwango vilivyowekwa na sheria.

Dhana: ukiuza kwa hasara ya kitabuni, umepunjwa

Mdogo alikuwa na hofu nyingine. Mwishoni mwa mwaka wa pili walipata mteja wa Sh 1,500,000, na mwandishi wake akamwambia watapata hasara. Ni kweli: kwa mstari mnyoofu gari lilikuwa bado Sh 1,685,000, hasara Sh 185,000. Kitabu cha mkubwa kilikuwa na Sh 1,440,000, faida Sh 60,000. Mteja ni mmoja, noti ni zile zile. Wakabishana hadi mteja akaenda zake.

Ingetosha kujumlisha. Kwa mdogo, uchakavu wa miaka miwili Sh 875,000 na hasara Sh 185,000 ni Sh 1,060,000. Kwa mkubwa, Sh 1,120,000 ukitoa faida ya Sh 60,000 ni Sh 1,060,000. Na bei ya kununua ukitoa ya kuuza ni ngapi? Sh 1,060,000.