Kufungua Till ya duka dogo: sehemu tatu za fomu zinazohitaji utulivu

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwasajilia wenye maduka nambari za Lipa na M-PESA, na kurudi kwao pale mambo yanapokwama. Usajili wenyewe si mgumu. Mwenye duka anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe huja na kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA, na aliyesajili jina la biashara huongeza cheti cha usajili. Ombi lenyewe anaweza kulipeleka kwenye duka la Safaricom, kwa wakala anayesajili wafanyabiashara, au kulijaza mwenyewe kwa programu ya M-PESA for Business. Karibu kila tatizo ninaloitiwa baadaye lilianzia kwenye fomu hiyo, mahali ambapo mtu alijaza haraka haraka akidhani ni utaratibu tu.

Jambo la kwanza ni aina ya nambari. Wengi husema wanataka Till ilhali walichokiona kwa jirani ni Pochi la Biashara. Pochi hufungamana na laini yako ya simu, hufunguliwa kwa kupiga *334#, na huzitenga fedha za biashara na zako binafsi, lakini mteja anayekulipa hukatwa ada ileile ya kumtumia mtu pesa. Till ni tofauti: mteja huchagua Lipa na M-PESA, kisha Buy Goods and Services, huingiza nambari ya duka na kiasi, wala hakatwi chochote. Anayekatwa ni mwenye duka, asilimia 0.55 ya kila malipo yanayozidi shilingi 200, na malipo ya shilingi 200 au chini hayakatwi.

Chukua siku moja ya duka la rejareja. Tuseme wateja 30 walinunua mkate, maziwa na sukari ya kupima, kila mmoja akalipa chini ya shilingi 200, jumla ikawa 3,000. Wengine wanane walinunua vitu vikubwa zaidi, kila mmoja akilipa zaidi ya 200, na jumla yao ikafika 6,000. Makato yanahesabiwa kwenye zile 6,000 pekee: shilingi 33. Kwa mauzo ya 9,000, hiyo ndiyo gharama ya kupokea malipo, mbali na ada ya kuzihamisha fedha baadaye. Mwenye duka ambaye wateja wake hununua vitu vidogo vidogo, kwa maoni yangu, hana sababu ya kuiogopa Till kwa ajili ya makato, na hata kumwongezea mteja shilingi kadhaa juu ya bei eti ni za kutolea ni kumtoza gharama ambayo kwa sehemu kubwa haipo.

Jambo la pili ni jina. Kabla mteja hajaingiza PIN yake na kuthibitisha, au mara tu baada ya kulipa, husoma jina linaloambatana na nambari hiyo, na hilo ndilo linalomhakikishia kwamba hajakosea tarakimu. Ikiwa ubao wa duka unasema hivi na simu inasema vile, mteja husita, na mwenye foleni ndefu hulazimika kumweleza kila mtu upya. Kwa hiyo jina la kuandika ni lile ambalo wateja wanalijua, mradi stakabadhi zako zinaliruhusu. Soma tahajia yake herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni nambari ya simu inayofungamanishwa na Till. Ujumbe wa kila malipo huja kwenye laini hiyo, na kupitia kwayo ndipo fedha huhamishwa. Anayeishika laini ndiye anayeishika Till. Mteja wangu mmoja aliandikisha laini ya kijana aliyemuuzia dukani, kwa kuwa kijana ndiye aliyekuwa kaunta siku nzima. Miezi ikapita, kijana akaacha kazi na kuondoka na simu yake. Hakuiba kitu, lakini kwa siku kadhaa wateja waliendelea kulipa huku mwenye duka hawezi kuona wala kutoa fedha, hadi alipopeleka kitambulisho chake na kuomba laini ibadilishwe. Tangu hapo huwa sijazi fomu kabla ya kuuliza laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani.

Bila shaka muuzaji aliye kaunta anahitaji kujua kwamba malipo yameingia, na mwenye duka hawezi kumpigia simu kila dakika. Suluhisho ni kumwongeza muuzaji kama msaidizi kupitia programu ya biashara, aone malipo kwa simu yake mwenyewe huku ruhusa ya kutoa fedha ikibaki kwako.

Till ikishafunguliwa, usibandike kadi ukutani kabla ya kuijaribu. Mimi hufanya hivi nikiwa bado dukani: ninachukua simu yangu, ninalipa shilingi 10 kwenye nambari hiyo, ninamsomea mwenye duka jina linalojitokeza, kisha tunasubiri ujumbe kwenye laini yake. Hapo ndipo huja swali ninalolisikia mara nyingi kuliko yote: ujumbe umefika, mbona salio la M-PESA halijaongezeka? Ni kwa sababu fedha za Till hukaa kwenye akaunti ya Till, si kwenye M-PESA yako ya kawaida, na huonekana ukifungua programu ya biashara au menyu ya biashara. Kutoka huko unazihamishia kwenye laini yako au benki. Nimewahi kukuta mtu aliyekaa wiki nzima akiamini kwamba amedhulumiwa, ilhali fedha zake zilikuwa zimelala pale pale zilipoingia.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kaunta. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, ujumbe huo si uthibitisho, kwani mtu anaweza kuuandika na kujitumia, au kukuonyesha wa jana. Thibitisha kwa ujumbe uliofika kwenye laini ya Till au kwa orodha ya malipo kwenye programu, ukilinganisha kiasi, saa na ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Ikiwa upande wako hauonyeshi kitu, bidhaa hubaki kaunta, hata kama mteja ana haraka na sauti yake imepanda.

Na ile kadi yenye nambari yako iangalie kila unapofungua duka. Kuna wezi wanaobandika nambari yao juu ya ya mwenye duka, hasa kwenye dirisha au kibanda kinachobaki nje usiku, na mteja hulipa kwa nia njema kabisa. Kadi iliyo ndani, nyuma ya muuzaji, ni vigumu kuibandikia kitu bila kuonekana. Dalili ya mchezo huo ni mteja anayesisitiza kwamba amelipa, ana ujumbe halali kabisa, lakini ukimwomba akusomee jina alilolipa, si la duka lako.