Tumbo limejaa maji, kumbe ni moyo

"Mtoto ana tumbo kubwa la maji, miguu imekonda, halafu tunaambiwa anaumwa moyo. Inakuwaje?"

Moyo kwa ndani umetandikwa utando mwembamba, laini. Katika ugonjwa uitwao endomaiokadiali faibrosisi, utando huo hugeuka kovu nene, jeupe, gumu. Kovu huanzia kwenye ncha ya moyo na kupanda kuelekea vali, yaani milango ya moyo inayozuia damu kurudi nyuma. Msuli bado una nguvu ya kusukuma, ila chumba hakitanuki tena kupokea damu. Nyuzi zinazoshikilia vali nazo hunaswa kwenye kovu, vali isifunge vizuri, na damu ikarudi ilikotoka. Kwa hiyo kwenye eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, utaona chumba cha chini kimesinyaa, cha juu kimefura vibaya mno.

Upande wa kulia ukishikwa, damu hurundikana kwenye ini na tumboni. Utando wa tumbo wenyewe nao hupata uvimbe na kukakamaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya maji kukaa tumboni kuliko miguuni. Familia nyingi hudhani ni ini au kichocho. Mtazame mtoto shingoni akiwa ameketi: mishipa iliyotuna inaelekeza kwenye moyo.

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Jack Davies huko Kampala, Uganda, miaka ya 1940. Hadi leo chanzo chake hakijathibitika. Wanaoshukiwa ni minyoo, lishe duni, urithi, na aina ya chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Kinachonisumbua zaidi ni ukimya wake. Huko Inharrime, pwani ya Msumbiji, watu 1,063 walipimwa kwa eko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: karibu mmoja kati ya watano alikuwa na kovu, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote.

Anayefika hospitali tumbo limeshajaa amechelewa, na hapo tiba inakuwa ngumu. Hakuna dawa ya kuyeyusha kovu. Dawa za kukojoza hupunguza maji, lakini moyo mgumu unahitaji damu ya kutosha ili ujae. Zikizidi, presha hushuka na mtoto huona kizunguzungu akisimama. Maji yakitolewa kwa sindano, lita kadhaa kwa mara moja, anapumua vizuri usiku huo. Baada ya muda tumbo hujaa tena, na kila safari protini inatoka na yale maji, mikono inazidi kukonda.

Upasuaji upo: moyo husimamishwa, kovu likabanduliwa, vali ikarekebishwa au kubadilishwa. Ni operesheni ya hatari, na wapo wanaofia mezani. Anayewekewa vali ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Kwa mtoto anayeishi mbali na maabara, daktari huanza kwa kuuliza kama vipimo hivyo vitawezekana, kabla ya kushika kisu.