Nairobi hadi New York: moja kwa moja au kupitia Doha?

Ndege isiyotua njiani ni ghali. Ya kupitia mji mwingine itanichelewesha kiasi gani, na ni lini inafaa niongeze hela?

Chukua tofauti ya nauli, igawe kwa saa utakazookoa, utapata bei ya kila saa. Panapowakwaza wengi ni kuzijua saa zenyewe, kwa sababu tiketi huandika saa za kila mji. Tuseme mwezi wa Januari unaondoka Nairobi saa sita kasoro tano usiku na kutua New York saa moja kasoro tano asubuhi. Kwa haraka utadhani ni safari ya saa 7. Lakini New York wakati huo iko nyuma kwa saa 8, kwa hiyo utakaa angani saa 15. Hiyo ndiyo safari ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018.

Kupitia Doha, ambako saa ni zilezile za Nairobi, ni kama saa 5 za kwanza, tuseme 3 za kusubiri, kisha kama 14 hadi New York: jumla 22. Ikiwa nauli ya moja kwa moja ni dola 1,150 na hii ni 870, unalipa dola 280 kuokoa saa 7, yaani dola 40 kwa saa. Anayekwenda kukaa miezi mitatu kwa dada yake hana sababu ya kuzitoa. Mwenye kikao mchana wa siku anayofika, azitoe.

Usivutiwe na muda mfupi wa kusubiri. Dakika 75 zinaonekana tamu, ila lango la ndege ya pili hufungwa kama dakika 20 kabla ya kuruka, na ndege ya kwanza ikishatua huchukua kama 15 kufika maegeshoni na kufungua mlango. Zimebaki 40 za foleni ya ukaguzi na kutembea. Ya kwanza ikichelewa nusu saa tu, ya pili imekuacha, na inayofuata huenda ni ya kesho. Saa mbili hadi tatu ndizo salama.

Ukiachwa, cha kutazama ni tiketi. Ikiwa safari nzima iko kwenye tiketi moja, shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Ukiona "Self transfer" kwenye skrini, hizo ni tiketi mbili: kwa kawaida utachukua mizigo mwenyewe na kuisajili upya, pengine kwa viza ya kuingia nchi hiyo, na ukichelewa tiketi ya pili imepotea. Neno "Direct" nalo lisikudanganye, maana ndege yenye namba moja inaweza kutua njiani. Unalotafuta ni "Nonstop".

Kabla ya kulipa, fungua safari ya kurudi uisome peke yake. Nauli ya chini mara nyingi huwa imeficha huko saa 11 za kukaa Doha.