Mafuta ya kukaangia yakiwa meusi, je picha inatosha kujua kama yamekwisha?

"Nakaanga chipsi na samaki jioni hapa Mbagala, mafuta ni yale yale na leo ni siku ya tatu. Nimepiga picha ya karai, naona yamekuwa meusi alafu yana povu. Kwa picha hii mnaweza kuniambia bado yanafaa au niyamwage?"

Kwa picha hii moja siwezi dada yangu, ila ukinipigia picha tatu kesho nitakwambia bila wasiwasi. Na katika hizo tatu, ile ya kuonyesha rangi ya mafuta ndo naiamini kidogo kuliko zote. Povu ndo linasema ukweli, na sio povu la wakati chipsi zimo ndani, ni lile linalobaki ukishazitoa.

Tuanze na hiyo picha uliyotuma. Karai jeusi, taa ya njano juu, usiku. Hapo hata mafuta yaliyofunguliwa asubuhi yangeonekana meusi, kwa sababu mafuta yanapitisha mwanga, unachokiona ni chuma cha chini. Kina nacho kinadanganya, mafuta yale yale ukiyaweka kidole kimoja kwenda juu yanaonekana ya dhahabu, ukiyajaza mpaka nusu karai yanakuwa kama kahawa. Alafu kuna simu yenyewe, simu za siku hizi zinarekebisha rangi bila kukuuliza, ikiona giza inaongeza mwanga, ikiona taa ya njano inavuta kwenye ubluu, kwahiyo picha mbili za karai moja zilizopishana dakika tano zinaweza kutoka kama mafuta mawili tofauti.

Picha ya rangi inapigwa hivi. Asubuhi mafuta yakiwa yamepoa kabisa na hayajatikiswa, chota ya juu uweke kwenye glasi isiyo na rangi. Glasi ya pili, inayofanana na hiyo, weka mafuta mapya ya dumu lile lile, kimo kile kile. Zipange karibu na dirisha, jua lisizipige moja kwa moja, nyuma yake simamisha karatasi nyeupe, zima flashi, piga zote mbili kwenye picha moja. Hiyo karatasi ina kazi yake, ikitoka ya njano kwenye picha najua simu imeongeza unjano na mafuta nayo nayapunguzia. Na glasi ya mapya ni muhimu sana maana mafuta hayaanzi na rangi moja. Mawese ya Kigoma ni mekundu toka kiwandani, alizeti iliyosafishwa ni ya njano iliyopauka, ile ya kukamua ya Singida inayouzwa kwenye madumu imekolea zaidi. Bila kujua ulianzia wapi siwezi kujua umefika wapi.

Sasa kwa nini siiamini sana rangi hata ikipigwa vizuri? Kwa sababu weusi mwingi unatoka kwenye chakula. Samaki ukimpaka manjano, pilipili na ngano, ule unga unadondoka chini unaungua, na sukari na protini za chakula zikikutana na moto zinatoa kahawia, kitu kile kile kinachoifanya chapati iwe na madoa. Jioni moja tu ya samaki wa namna hiyo mafuta yanaweza kugeuka kama chai ya rangi wakati yenyewe bado yana nguvu. Na kinyume chake kipo, muuza chipsi anayemenya viazi, akaviosha vikatoa wanga, akakaangia siku nne huku kila asubuhi akiongezea nusu lita ya mapya, mafuta yake yatapendeza machoni na bado yakawa yamechoka. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mtu amwage lita tatu kwa kuangalia rangi tu, kumbe alikuwa amekaangia samaki wa kupaka viungo mara moja. Ile hasara inaniuma mpaka leo, lita tatu kwa mama anayeanza biashara sio kitu kidogo.

Kuchoka kwenyewe kunakuwaje. Kiazi kina maji mengi, ukikitumbukiza yale maji yanageuka mvuke, na yakipita kwenye mafuta ya moto yanayavunja na kuachia asidi. Huku juu hewa inagusana na mafuta ya moto nayo inayaharibu kwa njia yake, hapo ndo ile harufu ya mafuta ya zamani inapozaliwa. Alafu vile vipande vilivyoharibika vinaanza kushikana vyenyewe kwa vyenyewe vinakuwa virefu na vizito, mafuta yanakuwa mazito, yanateleza taratibu kwenye mwiko na kuacha gundi ya kahawia ukingoni mwa karai, ile hata steelwire inaisumbua. Hivi vitu vizito pamoja na vile vilivyovunjika vinafanya kazi karibu kama sabuni, vinashikilia ngozi ya mapovu yasipasuke. Ndo maana nasema povu lina ushahidi, linatokana na mafuta yenyewe.

Kwahiyo picha ya pili na ya tatu ni za povu, na zinapigwa jioni ukiwa kazini. Ya pili piga chipsi zikiwa zimeiva nusu. Mafuta mazima yanatoa mapovu makubwa, angavu, yanapasuka kwa kelele, na kati ya povu na povu unayaona mafuta. Yaliyochoka yanatoa mapovu madogo madogo mengi, meupe au ya krimu kama ya maji ya kufulia, yanafunika uso wote na kupanda ukingoni. Ila picha hii peke yake usiitegemee, maana viazi vikiingia vinachuruzika maji vinachemsha hata mafuta mapya, na karai ambalo halikusuuzwa sabuni vizuri nalo linatoa povu.

Ya tatu ndo yenye hukumu. Toa chipsi zote, usiweke kitu kingine, hesabu mpaka thelathini, piga. Kwenye mafuta mazima hapo uso umetulia kabisa, pengine vipovu vitatu vinne pembeni. Kwenye yaliyochoka povu bado lipo, limejikusanya kama pete ukingoni au limeganda katikati kama tandabui. Chakula hakimo, hakuna tena maji ya kutoa mvuke, kwahiyo kinacholishikilia ni mafuta yenyewe kuwa yameharibika.

Ukiwa hapo hapo tazama moshi pia, ingawa kwenye picha unasumbua. Mvuke unatoka chakula kikiwemo na unapotea haraka. Moshi unatoka hata karai likiwa tupu bila chakula, mwembamba, una ubluu kidogo, unachoma macho. Mafuta yaliyosafishwa yakiwa mapya yanaanza kutoa moshi yakipita nyuzi 200, na chipsi zinataka kama 170 mpaka 180, kwahiyo yakitoa moshi kwenye moto wa kawaida wa kukaangia ujue ile asidi imejaa. Hapa video fupi ni bora kuliko picha.

Huyu dada alituma tatu zake kesho yake na ngoja nizipitie kama zilivyokuja. Ya glasi, mafuta ni ya kahawia yaliyoiva, lakini karatasi ya nyuma inaonekana vizuri kupitia humo, na alisema chini ya karai kulikuwa na chenga nyeusi unene wa kidole. Yaani sehemu kubwa ya weusi wa picha ya kwanza ilikuwa chenga za unga wa samaki, zimelala usiku juu kukawa afadhali. Kwa glasi peke yake ningemwambia chuja uendelee. Ya pili, povu limefunika karai lote, dogo dogo, limepanda karibu ukingoni. Ya tatu, sekunde thelathini baadaye, pete ya povu upana wa vidole viwili bado imezunguka karai lote. Nikamuuliza moshi, akasema jana ulianza kabla hajaweka kiazi. Na mafuta ni alizeti iliyosafishwa, hilo niliuliza makusudi kwa sababu ile ya kukamua isiyosafishwa ina utomvu wake wa asili unaotoa povu na kuwa mweusi hata siku ya kwanza, hiyo ukiipima kwa kipimo hiki utaionea.

Nikamwambia ayatoe yote. Akauliza je akiyachuja kwa kitambaa? Kuchuja kunatoa chenga, na ni jambo zuri la kufanya kila usiku kwa sababu chenga zikibaki zinaendelea kuungua, lakini kilichoyeyuka ndani kinapita kwenye kitambaa pamoja na mafuta. Akauliza akichanganya na lita moja mpya? Rangi itapendeza, povu litapungua siku hiyo, alafu yale mapya yataharibika haraka kuliko kawaida kwa sababu ya uchafu ulioyatangulia. Kuongezea kunasaidia mafuta yakiwa bado mazima, sio yakishafika hapo. Na kuna sababu ya pili ya kutoyang'ang'ania, povu la namna hii likipewa kiazi chenye maji linapanda na kumwagikia mkaa, na mkaa ukishadaka mafuta hakuna wa kuuzima kwa ndoo ya maji, maji yanautawanya huo moto.

Kitu ambacho picha haitakupa ni namba. Nchi kama Ujerumani wanaangalia vile vitu vilivyoharibika vikifika asilimia 24 ya mafuta, hayo hayatumiki tena kukaangia chakula cha kuuza, na kuna kipimo cha kuchovya kinachosoma hiyo. Picha ya povu haikwambii 22 au 26, inakwambia yamevuka mbali au bado kabisa. Katikati ya hapo tumia pua, chovya kipande cha mkate kikaange uonje, kikikwaruza koo au kikabeba harufu ya rangi ya ukutani yamekwisha hata kama povu halijakaa.

Kuhusu wapi alikosea, sidhani ni kukaangia siku tatu, ni mpangilio. Alikuwa anaanza na samaki alafu chipsi zinafuata humo humo, kwahiyo kila chipsi ilikuwa inakaangwa na unga ulioungua. Nikamshauri chipsi zitangulie na samaki wawe wa mwisho, au awe na karai dogo la samaki peke yake. La pili, jiko lake la mkaa linawaka moto ule ule hata wateja wasipokuwepo, na mafuta yanayokaa kwenye moto bila chakula yanaendelea kuharibika, sasa hivi anafunga mlango wa jiko au anaepua karai wateja wakipungua. Na mafuta mapya alipofungua dumu siku hiyo, kabla ya kumimina aliweka kidogo kwenye chupa ndogo ya kioo akaifunga na kuiweka kabatini gizani, ndo glasi yake ya kulinganishia kwa picha za wiki hii.