Fremu Moja Nyeusi Katika Faili la Mwisho

"Video ikicheza vizuri kwenye programu ya kuhariria, faili lililotolewa halina haja ya kutazamwa tena."

Imani hii inaeleweka, kwani mhariri amekwisha kuitazama kazi yake mara nyingi. Hata hivyo, programu ya kuhariria huandaa picha papo hapo na huweza kuruka fremu kompyuta inapoelemewa, ilhali faili la mwisho huandikwa fremu kwa fremu. Hivyo pengo la fremu moja kati ya vipande viwili huweza kufichika, kisha mteja akaliona kama mmweko mweusi.

Katika video ya harusi yenye fremu 25 kwa sekunde, pengo hilo hudumu sekunde 0.04 tu. Amri hii ya programu ya FFmpeg, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta, hulitafuta:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf blackdetect=d=0.03 -an -f null -
```

Usiiache `d`, yaani muda mfupi kabisa wa weusi unaotafutwa, kwa sababu isipotajwa hutafutwa weusi wa sekunde 2 au zaidi. Katika matokeo ya amri, neno `black_start` huonyesha sekunde ya kukagua, ingawa giza jingine huwa la makusudi, na hilo huamuliwa na mtu.

Sauti ilinganishwe na midomo mwanzoni na mwishoni: hitilafu isiyobadilika humaanisha kwamba sauti imesogea, bali inayokua huashiria kasi zisizolingana. Majina ya maharusi yasomwe na mtu ambaye hakuyaandika, na yakae mbali na kingo, kwa kuwa baadhi ya televisheni hukata pembeni mwa picha.